Somo: Kukagua Daftari la Kuku

Chukua daftari na penseli. Tuseme mfugaji wa Amani alikuwa na kuku 52 wa mayai. Jumatatu alfajiri walikufa 2. Wamebaki 50. Piga hesabu kwa kuku walio hai tu.

Kwa siku 7 walitaga mayai 210. Kama kila kuku angetaga kila siku, yangekuwa 350. Gawa 210 kwa 350, kisha zidisha kwa 100. Utapata asilimia 60.

Trei moja ni mayai 30, basi amepata trei 7. Chakula kilicholiwa ni kilo 42. Tuseme kilo ni shilingi 1,000. Jumla ni shilingi 42,000. Gawa kwa 7. Chakula cha trei moja ni shilingi 6,000.

Je, chakula kilimwagika? Kila kuku alikula gramu 120 kwa siku. Hicho ni kiasi cha kawaida. Basi kasoro iko kwenye mayai. Angalia maji ya kunywa, kuku wanaonyonyoka manyoya, na mayai yaliyofichwa au kuliwa na kuku.

Zoezi: Mayai yakiwa 180 kwa chakula kilekile, trei moja itakula shilingi ngapi?