SURA NDOGO: KIJEMBE – KUMSEMA MTU BILA KUMTAJA

1. Kijembe ni nini?

Neno kijembe ni udogo wa jembe, na tena ni jina la kisu kidogo chenye makali. Katika matumizi ya lugha, kijembe ni maneno ya kumchoma mtu aliyepo na anayesikia, ambayo msemaji huyatoa bila kumtaja jina wala kumwelekea. Husemwa kuwa mtu amepiga, ametupa au amerusha kijembe.

Watahiniwa wengi huchanganya kijembe na masengenyo. Tofauti yao ni mlengwa: masengenyo husemwa wakati hayupo, na msemaji hataki yamfikie. Kijembe husemwa ili asikie. Akiwa hayupo, au akiwa mbali asisikie, hakuna kijembe. Tofauti ya kijembe na tusi ni kwamba tusi huelekezwa wazi kwa mtu, hivyo aliyelitoa hawezi kulikana. Mpiga kijembe hujiachia mlango wa kutokea. Akiulizwa, atasema, "Mimi sijamtaja mtu."

Hapo ndipo swali kuu la sura hii linapotoka. Kama jina halikutajwa, wasikilizaji wanamjuaje anayesemwa? Tuanze na mfano.

2. Mfano

Mazungumzo haya yametungwa kwa ajili ya somo. Soma pamoja na maelezo yaliyo kwenye mabano.

(Nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja ya luku. Kila chumba huchangia shilingi 5,000 kwa mwezi, na Mama Rehema ndiye anayekusanya. Wiki iliyopita Neema alinunua friji, ya kwanza katika nyumba hiyo. Mwezi huu Saidi alichelewa kuchangia, akatoa juzi. Neema bado hajatoa. Leo mchana yuniti zimekwisha. Sasa ni jioni. Mama Rehema anaosha vyombo uani akiwa na mwanawe wa miaka minne. Bi Mwanaidi anachambua mchele. Neema anaanua nguo.)

1. MAMA REHEMA: (Kwa sauti kubwa, akimtazama mwanawe) Mwanangu, leo tutakula gizani. Watu wengine humu ndani wanapenda mwanga, ila ulionunuliwa na wenzao.
2. BI MWANAIDI: (Akicheka chini chini) Haya, salamu zimefika.
3. SAIDI: (Akitoka chumbani) Mama Rehema, mimi si nilikupa elfu tano yako juzi?
4. MAMA REHEMA: Kaka Saidi, nani kakutaja? Mimi naongea na mwanangu. (Akimgeukia mtoto) Na wewe ukikua, ukipenda maji ya baridi, penda na kuyalipia.
5. NEEMA: (Akitupa nguo kwenye beseni) Mtu ukinunua kitu chako humu ndani, watu hawalali!
6. MAMA REHEMA: Makubwa! Hata sijamtaja mtu.

3. Jinsi wasikilizaji wanavyomnasa mlengwa

(a) Wanatofautisha anayeambiwa na anayesikilizishwa

Katika mazungumzo ya kawaida, unayemwambia jambo ndiye unayetaka alijue. Katika kijembe watu hawa ni wawili tofauti. Mama Rehema anamwambia mtoto, lakini anawasikilizisha waliopo uani. Tunajua hivyo kwa dalili mbili. Kwanza, mtoto wa miaka minne hana kazi na habari za kulipia umeme. Pili, mtoto yuko karibu naye, ila sauti ni kubwa. Sauti inapozidi umbali wa anayeambiwa, msikilizaji hujua kuwa maneno yanapelekwa kwingine.

Mtoto si chombo pekee cha kupitishia kijembe. Wengine huongea na paka, na kuku, au na sufuria iliyoungua. Wengine huongea peke yao. Swali la kujiuliza ni lilelile: je, anayeambiwa anayahitaji maneno haya? Kama hayahitaji, mtafute anayeyahitaji.

(b) Wanayasoma maneno ya kuficha

Kiswahili kinampa mpiga kijembe nyenzo nzuri za kujificha. Angalia "watu wengine" katika kauli ya 1. Ni wingi, ilhali anayekusudiwa ni mmoja. Kiambishi wa- katika "wanapenda" hakionyeshi kama ni mwanamume au mwanamke. Hata kiambishi a- cha umoja hakionyeshi. Ndiyo maana Saidi na Neema wote wawili wangeweza kuingia katika kauli hiyo. Nyenzo nyingine za aina hii ni "kuna mtu", "mtu mzima na akili zake", "wenye navyo", na kitenzi chenye hu- ya mazoea, kama "wengine huvimba kwa vya kuazima".

Hata hivyo, kauli ikiwa ya jumla mno haimchomi mtu. Kwa hiyo mpiga kijembe huweka pia neno la kubana. Hapa ni "humu ndani". Neno hilo linaondoa dunia nzima na kubakiza vyumba sita.

(c) Wanapunguza mmoja mmoja mpaka abaki mmoja

Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote. Msikilizaji hachagui mlengwa kwa kubahatisha. Anawaondoa wasiohusika kwa kutumia mambo ambayo wenyeji wa nyumba wanayajua.

Baada ya kauli ya 1, waliobaki ni wale tu wenye doa katika mchango wa mwezi huu. Hao ni wawili: Neema ambaye hajatoa, na Saidi aliyechelewa. Kauli ya 4 inaleta "maji ya baridi". Katika nyumba ile kuna friji moja tu. Saidi anaondoka, Neema anabaki. Jina lake halikutajwa, lakini limeshajulikana kwa kila aliyepo.

Wakati nao unasaidia. Kijembe hufuata tukio. Kama maneno ya maji ya baridi yangesemwa mwezi uliopita, kabla ya friji kununuliwa, yangekuwa wosia wa mama kwa mwanawe na si zaidi.

(d) Wanamwangalia anayejibu

Wahenga walisema, "Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua." Mlengwa anapoligangua, yuko katika mtego. Akinyamaza, maneno yamemfika na hakujitetea. Akijibu, amekiri kuwa anayesemwa ni yeye. Neema alijibu, tena akataja kununua kitu. Hakuna aliyekuwa ametaja kununua friji. Neno hilo alilileta mwenyewe, na hapo akajitia jina ambalo Mama Rehema aliliacha wazi.

Kuna njia ya tatu, nayo ni kurudisha kijembe kwa kijembe, bila kukiri. Neema angeweza kumgeukia Bi Mwanaidi na kusema, "Bibi, kumbe siku hizi deni linadaiwa kwa kumtuma mtoto?" Naye asingekuwa amemtaja mtu.

4. Kijembe kinapompata asiyekusudiwa

Kijembe hakina uhakika. Tazama kauli ya 3. Saidi hakukusudiwa, lakini alichomwa, kwa sababu alijua amechelewa kutoa. Anayejihisi na kosa husikia jina lake hata pasipotajwa. Mama Rehema ilimbidi aongeze neno la kubana ili Saidi atoke. Asingeongeza, Saidi angelala na kinyongo kisicho chake, na Neema angelala na amani isiyo yake.

Upande wa pili yupo asiyesikia chochote. Mgeni angefika jioni ile angemwona mama akimpa mtoto nasaha, angestaajabu kwa nini nguo zimetupwa. Mgeni hakukosa msamiati. Alikosa habari za mita moja, mchango na friji. Bila maarifa ya pamoja, kijembe hubaki maneno ya kawaida.

Hii ndiyo hasara yake pia. Jioni imeisha na fedha bado haijatolewa, luku haijanunuliwa, na watu wawili hawasalimiani. Kijembe kilimjulisha Neema kuwa anadaiwa, jambo alilolijua tayari. Kumwita pembeni na kumdai shilingi 5,000 kungeweza kuleta mwanga usiku uleule.

5. Kijembe nje ya mazungumzo

Kanga ina pindo, mji na jina, yaani yale maandishi. Maandishi hayo yamechapwa kiwandani na mtu asiyemjua jirani yako. Kinachoyageuza kuwa kijembe ni kuyavaa mbele ya mtu fulani, siku fulani, baada ya jambo fulani. Katika taarabu nako ni hivyohivyo. Nyimbo za mipasho, zilizovuma sana Dar es Salaam miaka ya 1990 katika ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano, huimbwa kwa hadhira nzima. Msikilizaji anapoinuka kwenda kutunza katika ubeti fulani, huku akimtazama mwenzake, ndiye anayeupa ubeti huo mlengwa. Katika hali zote mbili maneno ni ya wote, na mlengwa hutokana na muktadha.

6. Swali la mfano na jibu lake

Swali: Kwa kutumia mazungumzo hapo juu, thibitisha kuwa kauli ya 4 ni kijembe kwa Neema. (Alama 6)

Jibu: Kauli ya 4 ni kijembe kwa Neema kwa sababu zifuatazo. Kwanza, Neema yupo uani na anasikia, wala hatajwi kwa jina. Pili, anayeambiwa ni mtoto wa miaka minne ambaye hahusiki na malipo ya umeme, hivyo maneno yamekusudiwa mwingine. Tatu, "maji ya baridi" yanamhusu mwenye friji, naye ni Neema peke yake, ambaye pia hajatoa mchango. (Alama 2 kwa kila hoja yenye ushahidi.)

Zingatia: Mtahiniwa akiandika "ni kijembe kwa sababu Neema alikasirika" hapati alama zote. Saidi naye aliguswa, lakini hakukusudiwa. Hasira ni dalili tu. Uthibitisho umo katika neno la kubana pamoja na maelezo ya kwenye mabano. Katika mtihani wewe ni yule mgeni, na mabano ndiyo yanayokupa habari ambazo wenyeji wanazo. Yasome kabla ya mazungumzo.

7. Zoezi

1. Eleza tofauti moja kati ya kijembe na masengenyo.
2. Taja maneno mawili ya kuficha na moja la kubana kutoka kauli ya 1 na ya 5.
3. Kama nyumba ile ingekuwa na friji mbili, ya Neema na ya Saidi, kauli ya 4 ingetosha kumtoa Saidi? Fafanua.
4. Tunga kauli moja ambayo Saidi angeitoa badala ya kauli ya 3, ili ajitetee bila kukiri kuwa amesemwa.