Dondoo muhimu: Kina kifuate mkazo

Unatunga wimbo wa Kasumulu, kule mpakani Kyela? Kabla ya kuweka mdundo, tamka mistari kama unavyoongea. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo linganisha irabu ya hapo pamoja na silabi ya mwisho. "Kyela" na "hela" vinaitikiana. "Kyela" na "mila" vinafanana kwenye -la tu, na mwimbaji atalazimika kuivuta ili isikike. Inachosha!

Angalia -ni, maana huhamisha mkazo: mPAka huwa mpaKAni. Sasa unahitaji -ani, kama shambani au njiani; "mjini" haitoshi. Ukikwama, geuza sentensi, usipinde neno: "nimeuvuka mpaka" iwe "mpaka nimeuvuka", ijibiwe na "vumbi likafumuka".