Picha uliyopandisha: inabaki wapi?

Mchimbaji wa Mwatate anapiga picha ya kijiwe cha kijani na kuiuliza ChatGPT kama ni tsavoriti. Kwa akaunti ya kawaida, picha hiyo yaweza kutumika kufundishia modeli, isipokuwa amezima mwenyewe. Afungue Settings, kisha Data controls, azime "Improve the model for everyone".

Kuzima hakufuti. Picha hubaki kwenye historia ya mazungumzo. Ukifuta mazungumzo, kwa kawaida huondolewa kwenye mitambo ya kampuni ya ChatGPT ndani ya siku 30. Kilichokwisha kutumika kufundishia hakirudishwi. Na tahadhari hii wengi hawaijui: hata ukiwa umezima, ukibonyeza dole gumba kusifu au kukosoa jibu, mazungumzo yote yaweza kwenda mafunzoni.

Kabla ya kupandisha picha, zima eneo kwenye kamera, maana faili laweza kubeba viwianishi vya GPS vya shimo lako. Kitambulisho usikipandishe kabisa.

Kwa programu nyingine, fungua "Privacy Policy" utafute neno "train". Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inakuruhusu kuomba data yako ifutwe. Kampuni ikikaidi, lalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, odpc.go.ke.