Wiki za Kwanza za Metformini: Tumbo Linapovurugika

Mtu anapogunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili, dawa anayoondoka nayo kliniki mara nyingi ni metformini. Dawa hii hupunguza sukari ambayo ini huitengeneza na kuimimina katika damu, na huusaidia mwili kuitikia vyema insulini yake wenyewe. Ni dawa ya miaka mingi na bei yake si kubwa. Hata hivyo, wapo watumiaji wanaoiacha ndani ya wiki ya kwanza, kabla haijapata nafasi ya kufanya kazi, kwa sababu imewavuruga tumbo. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuupunguza usumbufu huo. Tunaeleza pia jambo ambalo kwa maoni yetu halisemwi vya kutosha dirishani pa dawa: kwamba kuna kuharisha kwa namna mbili kwa mtumiaji wa metformini, na kila namna ina hatua zake.

Tuchukue mfano tulioutunga kutokana na mambo ya kawaida. Mama mmoja wa miaka 52, muuza vitumbua, ameandikiwa kidonge cha miligramu 500, kimoja asubuhi na kimoja jioni, pamoja na chakula. Yeye huamka saa kumi alfajiri kukaanga, hunywa chai ya rangi, kisha hali chochote hadi saa nne. Kidonge cha asubuhi anakimeza na ile chai. Siku ya pili anapata kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni. Siku ya tatu tumbo linaunguruma na anaharisha mara tatu kabla ya jua kuchomoza. Jirani anamwambia dawa imemkataa. Siku ya nne anaviweka vidonge kabatini.

Dawa haikumkataa. Metformini ikifika katika utumbo mtupu huusumbua, na chai si mlo. Maneno “pamoja na chakula” yana maana ya kumeza kidonge katikati ya kula au mara tu baada ya kumaliza, kwa maji ya kutosha. Kumeza kwanza na kula saa moja baadaye hakutoshi. Chakula hupunguza kasi ya dawa kuingia mwilini, na tumbo hupata nafuu.

Muuguzi aliyempokea mama huyu aliporudi kliniki hakuanza kwa kumwuliza kuhusu dawa. Alimwuliza anakula saa ngapi. Kisha, baada ya kushauriana na daktari, wakampangia upya: wiki ya kwanza kidonge kimoja tu kwa siku, katikati ya chakula cha usiku, ambacho ndicho mlo wake mkubwa. Wiki ya pili, tumbo likiwa limetulia, akaongeza kidonge cha pili pamoja na mlo wa saa nne asubuhi. Saa za dawa zilifuata milo yake halisi. Kupanda polepole namna hii, hatua moja kwa wiki au zaidi, ndiyo njia ya kawaida ya kuanza, na kipimo kikiwa kinahitaji kuongezwa baadaye huongezwa vivyo hivyo. Anayefunga Ramadhani naye aonane na kliniki kabla ya mwezi kuanza, ili vidonge vyake vipangwe kufuata futari na daku.

Kwa wengi, usumbufu huisha wenyewe baada ya siku kadhaa au wiki chache. Usipoisha, zungumza na kliniki kabla ya kuacha: kipimo kinaweza kurudishwa chini, au ukapewa vidonge vinavyotoa dawa polepole, ambavyo tumbo huvivumilia zaidi. Hivi havitafunwi, havisagwi wala havikatwi. Baadhi yake huacha ganda laini linaloonekana chooni. Usishtuke, dawa yenyewe imekwisha kuingia mwilini.

Ukisahau kidonge, subiri mlo unaofuata na umeze kimoja kama kawaida. Usimeze viwili kufidia.

Tahadhari nyingine ni ya duka la dawa. Vidonge vya metformini vipo vya miligramu 500, 850 na 1000, na vingine vimechanganywa na dawa nyingine ya kisukari ndani ya kidonge kimoja. Mtu aliyezoea “kimoja asubuhi, kimoja jioni” akipewa pakiti ya 1000 badala ya 500 atakuwa amezidisha dawa maradufu bila kujua, na tumbo litakuwa la kwanza kumwarifu. Nenda na pakiti ya zamani, ulinganishe namba hapo hapo dirishani.

Sasa turudi kwa mama wetu. Mwezi wa tatu tumbo lake limetulia kabisa na dawa anaimeza bila taabu. Jumamosi moja anakula chakula kilicholala. Usiku anaanza kutapika na kuharisha maji, na kufikia asubuhi hata maji ya kunywa hayakai tumboni. Je, ameze kidonge chake?

Asimeze. Apige simu kliniki. Kuharisha kwa wiki za kwanza ni usumbufu wa dawa yenyewe: mtu anakula, anakunywa na anafanya kazi zake. Huku ni kuharisha kulikokuja ghafla baada ya miezi ya utulivu, pamoja na kutapika, na kunaukausha mwili maji. Metformini hutoka mwilini kwa njia ya figo. Mwili ukikauka, figo hupunguza kazi na dawa hulundikana katika damu. Hapo asidi ya laktiki inaweza kuongezeka kupita kiasi. Hutokea kwa nadra sana, lakini huweza kuua. Ndiyo sababu huwa tunasisitiza kipimo cha damu cha figo kabla ya kuanza dawa hii na angalau mara moja kila mwaka baadaye.

Mgonjwa wa namna hii husitisha metformini kwa muda, hunywa maji kidogo kidogo mara kwa mara, na huirudia pale kliniki itakapomwambia, kwa kawaida akiwa amerejea kula na kunywa vizuri. Anayetumia pia insulini asiikatishe kwa uamuzi wake mwenyewe. Hiyo ina taratibu zake, na ni sababu nyingine ya kupiga simu mapema. Homa kali inayomfanya mtu ashindwe kula na kunywa inahitaji simu hiyo hiyo. Kadhalika, ukipangiwa upasuaji au picha ya mionzi inayohitaji dawa ya kuchomwa mshipani, mwambie mhudumu kwamba unatumia metformini.

Zipo dalili ambazo hazingoji simu. Kupumua kwa kasi na kwa kina bila kuwa umefanya kazi, maumivu makali ya misuli, usingizi mzito usio wa kawaida, mwili kuwa wa baridi, au maumivu makali ya tumbo yanayofuatana na udhaifu mkubwa: mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja, mchana au usiku, na pakiti ya dawa mkononi. Hatari hiyo huongezeka kwa anayekunywa pombe nyingi.

Unapopiga simu kliniki, uwe na majibu ya mambo haya: kidonge chako ni cha miligramu ngapi, cha mwisho ulikimeza saa ngapi, umetapika au kuharisha mara ngapi tangu lini, mara ya mwisho ulikojoa lini, na dawa gani nyingine unatumia, pamoja na za miti shamba.