Gumboro: Chanjo kwa Siku Yake, na Kusafisha Banda Baada ya Ugonjwa

Wafugaji wengi wa kuku katika Mweiga na maeneo mengine ya Kieni wanaujua ugonjwa wa Gumboro kwa jina. Hulipata jina hilo kutoka mji wa Gumboro, jimbo la Delaware nchini Marekani, ulikoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Swali linaloulizwa sana ni hili: kwa nini vifaranga waliochanjwa bado wanakufa? Mara nyingi jibu liko katika siku ambayo chanjo ilitolewa, au katika banda lililobaki na virusi vya kundi lililotangulia.

Unavyoshambulia

Gumboro huletwa na virusi vinavyoharibu bursa, mfuko mdogo ulio juu ya tundu la haja la kifaranga. Humo ndimo chembe za damu zinazotengeneza kinga hukomaa. Kifaranga wa wiki 3 hadi 6 akiambukizwa huonyesha dalili wazi: manyoya kusimama, kutetemeka, kukataa chakula, kuhara maji meupe na kujidonoa sehemu ya nyuma. Vifo huanza ghafla, hupanda kwa siku tatu au nne, kisha hupungua ndani ya wiki moja.

Kifaranga aliye chini ya wiki 3 anaweza asionyeshe dalili yoyote. Hata hivyo bursa yake huharibika, na baadaye chanjo ya Nyukaso haimkingi inavyopaswa. Mfugaji huona kuku wakifa kwa Nyukaso wakiwa na miezi miwili na kulaumu chanjo hiyo, kumbe hasara ilianza wiki ya pili.

Kuhara damu huashiria zaidi koksidia, na shingo kupinda huashiria zaidi Nyukaso. Ukiwa na shaka, peleka mizoga miwili au mitatu ya siku hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo au maabara ya uchunguzi wa mifugo ya Karatina. Kuku wa Gumboro akipasuliwa, bursa huonekana imevimba na misuli ya mapaja huwa na madoa ya damu.

Kwa nini siku ya chanjo ni muhimu

Kuku mama aliyechanjwa humpa kifaranga kinga kupitia kiini cha yai. Kinga hiyo humlinda siku za kwanza, lakini pia huua chanjo. Ukichanja mapema mno, chanjo hupotea. Ukichelewa, kinga ya mama huisha na virusi vya bandani huingia kwanza.

Tuchukue mfano. Kinga ya mama hupungua kwa nusu kila baada ya siku tatu hivi. Tuseme chanjo inaweza kufanya kazi kinga ikishuka hadi kipimo cha 100. Kifaranga aliyeanguliwa na kinga ya 800 atafika 400, kisha 200, kisha 100, yaani siku ya 9. Mwenzake aliyeanguliwa na kinga ya 3,200 atafika hapo siku ya 15. Wote wawili wako katika boksi moja ulilonunua, na kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Ndiyo sababu chanjo hutolewa mara mbili. Ratiba inayotumiwa na wengi ni siku ya 10 na siku ya 18. Dozi ya kwanza humpata kifaranga wa kwanza, na ya pili humpata yule ambaye dozi ya kwanza ilipotelea kwake. Anayeruka dozi ya pili ili kuokoa pesa anaacha sehemu ya kundi bila kinga. Ratiba hutofautiana kulingana na aina ya chanjo na chanjo walizopewa kuku wazazi, kwa hivyo omba ratiba kutoka kwa aliyekuuzia vifaranga na uifuate. Hesabu siku kuanzia siku ya kuanguliwa, si siku uliyowapokea.

Kuchanja vifaranga 200 siku ya 10

Nunua chanjo siku ya kuitumia na uibebe kwenye chupa ya chai au kikasha chenye barafu. Asubuhi, ondoa maji bandani kwa saa moja hadi mbili ili vifaranga wapate kiu.

Kipimo rahisi cha maji ni lita moja kwa kila vifaranga 1,000, mara umri wao kwa siku. Vifaranga 1,000 wa siku 10 wanahitaji lita 10, kwa hivyo 200 wanahitaji lita 2. Siku ya 18 watahitaji lita 3 na nusu hivi. Tumia maji ya mvua au ya kisima, kwa sababu klorini ya maji ya mfereji huua chanjo. Koroga vijiko viwili vya chai vya unga wa maziwa yasiyo na mafuta, usubiri nusu saa, kisha fungulia chupa ya chanjo ndani ya maji hayo.

Gawa kwenye vyombo vinne vya plastiki vilivyooshwa bila dawa, ili hata wanyonge wafike. Maji yote yaishe ndani ya saa mbili. Yakibaki, yamwage, usiyahifadhi. Usichanje vifaranga walio wagonjwa tayari.

Ugonjwa ukishaingia

Hakuna dawa inayoua virusi hivi ndani ya kuku. Wape joto, maji safi na vitamini, na umwite daktari kabla ya kununua dawa za viuavijasumu. Choma mizoga au uizike kwenye shimo refu na kuifunika kwa chokaa. Usiuze kuku waliobaki sokoni, na usiwape majirani mbolea hiyo.

Kusafisha banda

Virusi vya Gumboro vimewahi kupatikana vikiwa hai katika banda siku 122 baada ya kuku kuondolewa. Kuliacha banda wazi mwezi mmoja bila kulisafisha hakutoshi.

Kwanza, kuku wakishaondoka, nyunyizia dawa ya wadudu mara moja, kwa kuwa mende weusi wa kwenye mbolea hubeba virusi. Lowesha randa kidogo zisitoe vumbi, zifungie kwenye magunia na uzirundike mbali na banda, zikiwa zimefunikwa kwa karatasi ya plastiki ili zioze na kupata joto.

Pili, kwangua na kufagia, kisha sugua kuta, sakafu na vyombo kwa maji ya sabuni. Hatua hii ndiyo hurukwa sana Kieni kwa sababu maji ni machache, lakini dawa ikipigwa juu ya kinyesi haifanyi kazi. Sakafu ikiwa ya udongo, ondoa tabaka la juu, weka udongo mpya na umwage chokaa.

Tatu, banda likikauka, piga dawa. Soma lebo: tafuta glutaraldehidi, aidini au klorini, na ufuate kipimo kilichoandikwa. Dawa nyingine za kawaida za bandani haziviui virusi hivi vizuri. Vaa glavu na kitambaa cha mdomo, na usichanganye klorini na dawa nyingine.

Nne, liache banda tupu na kavu kwa wiki 2 hadi 4, na uweke sinia lenye dawa ya kukanyaga mlangoni. Badilisha dawa hiyo kila siku, na uwe na viatu vya bandani pekee.

Kundi jipya likiingia, andika tarehe ya kuanguliwa ukutani, pamoja na siku ya 10 na ya 18. Ukiona vifo vya ghafla, mjulishe afisa wa mifugo wa wadi yako siku hiyo hiyo.