Barua Pepe Ikome Lini, na Simu Ianze Lini?

Tufikiri mfano mmoja wa Gerezani, palipo maduka mengi ya vipuri vya magari. Fundi wa Morogoro amwandikia mwenye duka barua pepe: "Naomba bei ya klachi ya lori." Ajibiwa. Fundi asema bei imezidi mno. Mwenye duka ajibu kwamba ni bei ya haki. Fundi auliza tena, na sasa kwa ukali: "Mwezi uliopita mliniuzia kwa nusu ya hiyo!" Wala hakuna aliyesema uongo. Fundi ataka pleti peke yake. Mwenye duka ataja bei ya seti nzima, yaani pleti, presha na beringi. Neno ni moja, vitu ni viwili.

Basi, dalili ni mbili. Ya kwanza, swali lile lile limerudi baada ya kujibiwa. Hapo mmoja hakumwelewa mwenzake, na jibu la tatu litapotea kama la pili. Ya pili, ukali umeingia. Maana barua haina sauti, na neno fupi husomwa kama hasira. Ukiona mojawapo, andika hivi:

"Ndugu fundi, salamu. Naona sikueleza bei vizuri. Naomba tuzungumze kwa simu, kama dakika 5, nijue hasa unachohitaji. Nitapiga mimi. Je, kesho saa 4 asubuhi au saa 10 jioni itakufaa? Kama simu ni shida, niandikie tu: wataka pleti peke yake, au seti nzima?"

Mwandishi huyu amejitwika kosa mwenyewe, ametaja jambo na muda wake, amechukua gharama, tena amemwachia mwenzake nafasi ya kukataa. Maneno "asubuhi" na "jioni" yasikose. Maana ukiandika saa 10 tu, mmoja atahesabu saa ya Kiswahili, na mwingine saa ya kompyuta.

Walakini vipimo na bei visiachwe hewani, maana sikio husahau. Simu ikiisha, siku ile ile jibu katika mfululizo ule ule wa barua: "Tumepatana pleti 1, upana milimita 325, meno 10," pamoja na bei. Hivyo nao waliopelekewa nakala watajua yaliyokatwa.

Liko jambo moja lisilongoja dalili hizo. Barua ikisema kwamba namba ya akaunti ya benki imebadilika, usilipe kwanza. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, wala si kwa namba iliyoandikwa katika barua hiyo. Kwa kuwa mwizi aandikaye akaunti yake huandika na simu yake pia.

Swali la kujifunza: Katika barua zako za mwezi huu, ni swali gani lililoulizwa mara mbili?