Barua ya Tathmini kwa Mzabuni: Anza na Faili

Wenzangu mnaokwenda mazoezi ya kufundisha, msishangae mkipewa kazi ya kuandika barua ya tathmini ya mwaka kwa mzabuni wa chakula. Mimi yalinikuta. Rasimu yangu ilisema "unachelewesha mzigo mara kwa mara." Mhasibu akaniuliza: mara ngapi? Kimya.

Nikarudi kwenye faili la hati za kupokelea mzigo. Mahindi yaliletwa mara 10, yakachelewa mara 4, na zote ni wiki shule inapofunguliwa baada ya likizo. Maharage yenye wadudu yalikuja mara moja tu, akayabadilisha kesho yake. Hilo nikaliandika kwenye mazuri yake. Kasoro inayojirudia ikabaki moja, na lengo likapimika: mwakani, mzigo wa kufungulia shule ufike siku 3 kabla ya wanafunzi.

Ila faili lilituumbua na sisi. Oda mbili kati ya zile 4 tulizituma siku moja tu kabla! Mkuu wa shule alisita kidogo, halafu akakubali tuliandike: shule nayo itatuma oda siku 14 kabla. Mzabuni alisaini nakala yake bila ubishi.